Kurudi kazini kwa awamu baada ya operesheni: mpango wa mfanyakazi, meneja na daktari

Karatasi ya daktari mara nyingi huwa na maneno mawili tu: kazi nyepesi. Mfanyakazi anaileta ofisini, meneja anaisoma na kutikisa kichwa kukubali, halafu kila mtu anaondoka na tafsiri yake. Daktari alipoandika alikuwa anawaza mtu aliyekaa kwenye kiti. Meneja wa stoo anawaza kupanga mzigo rafuni badala ya kushusha lori. Mgonjwa mwenyewe anachukulia kuwa ni kazi yoyote atakayoifanya bila wenzake kumwona mvivu. Baada ya wiki moja mtu anarudi hospitali na maumivu, na ukiuliza nani kakosea, hupati jibu, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimekubaliwa.

Mimi ni afisa utumishi katika kampuni inayouza vifaa vya ofisi kwa jumla hapa Dar es Salaam, stoo yetu ikiwa kando ya Barabara ya Nyerere. Nitaeleza mpango tulioutengeneza kwa mtunza stoo wetu, mama wa miaka arobaini na kitu, aliyefanyiwa operesheni ya kupasua tumbo na kuondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe. Ameniruhusu nieleze bila kumtaja jina. Vipimo na saa nitakazoandika ni vyake yeye, alivyopewa na daktari wake. Mwenye ngiri, mwenye goti au aliyejifungua kwa operesheni atapewa vingine. Namna ya kuupanga mpango haibadiliki.

Hatua ya kwanza: andika kazi yenyewe ilivyo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa. Daktari anajua kidonda lakini hajui stoo. Akiulizwa "unafanya kazi gani?" na akajibiwa "mtunza stoo", hajui kama huyu anaandika kwenye daftari au anabeba magunia. Kwa hiyo kabla ya kliniki ya wiki ya sita tulimwomba yule mama, akiwa bado nyumbani, atuambie kwa simu anafanya nini tangu anaingia mpaka anatoka, na mimi nikaandika ukurasa mmoja.

Maneno kama "kusimamia mapokezi ya bidhaa" hatukuyaandika. Tuliandika hivi: anasimama karibu saa tatu kwa siku. Anapanda ngazi ya chuma ya hatua sita, mara kumi au zaidi. Anainua katoni za karatasi za A4, kila moja rimu tano, yaani kilo 12 na nusu, kutoka sakafuni mpaka kwenye toroli, na siku ya mzigo mkubwa zinaweza kufika arobaini. Anasukuma toroli iliyojaa kwenye sakafu yenye mteremko mlangoni. Anakaa kwenye kompyuta karibu saa mbili. Mwisho wa mwezi kuna kuhesabu stoo, na siku hiyo watu hutoka usiku.

Chini kabisa tukaongeza safari. Anakaa Gongo la Mboto. Saa kumi na mbili asubuhi anagombania daladala, mara nyingi anasimama njia nzima, na jioni hivyo hivyo. Meneja aliuliza safari inahusu nini wakati haimo kwenye mkataba. Inahusu, kwa sababu tumbo lenye mshono wa wiki saba likipigwa kiwiko mlangoni na kurushwa kwenye matuta, mtu anafika kazini ameshachoka kabla hajagusa kitu. Daktari alipousoma ukurasa ule, jambo la kwanza aliloweka kalamu lilikuwa hilo la daladala.

Hatua ya pili: mpelekee daktari maswali yanayojibika

Usimuulize daktari "amepona?" Swali hilo lina jibu moja tu, nalo halisaidii kupanga ratiba. Tulimpa mama ukurasa wa kazi pamoja na nafasi tupu za kujaza: mwisho wa kuinua ni kilo ngapi, na mara ngapi kwa saa, kusimama mfululizo mwisho dakika ngapi, ngazi ndiyo au hapana, kusukuma toroli ndiyo au hapana, saa ngapi kwa siku wiki ya kwanza, na lini aonekane tena.

Hilo la "mara ngapi" msilisahau. Rimu moja ni kilo mbili na nusu, na mtu yeyote ataiona nyepesi. Lakini oda moja ya shule inaweza kuwa rimu sitini, na kuinama mara sitini ndani ya saa moja si kazi nyepesi hata kwa mtu mzima wa afya. Daktari aliandika: rimu moja kwa mara, kutoka usawa wa meza, si kutoka sakafuni, isizidi mara kumi kwa saa. Toroli yenye mzigo marufuku mpaka kliniki ya wiki ya 12, kwa sababu kusukuma kunakaza misuli ya tumbo kama kuinua. Ngazi vilevile.

Kuna kosa moja la karatasi linalogharimu watu mishahara, na nimeliona zaidi ya mara moja. Daktari, kwa nia njema, anaandika "yuko fiti kuanza kazi Jumatatu". Basi. Kwa sentensi hiyo likizo ya ugonjwa imekwisha Jumapili. Saa ambazo mtu hatafanya katika wiki za awamu hazina cheti kinachozifunika, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mwajiri kulipa likizo ya ugonjwa isiyo na cheti cha daktari. Cheti kiseme wazi: anaweza kuanza kazi kwa saa zilizopunguzwa kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, na saa zinazobaki aendelee kupumzika kwa ushauri wa daktari. Ukiona neno "fiti" limesimama peke yake, mrudishie kabla hujatoka hospitali. Kumrudia wiki mbili baadaye ni kupanga foleni upya.

Hatua ya tatu: kikao cha meneja na mfanyakazi

Daktari hatakuja ofisini kwenu. Yeye anakaa kwenye kikao kupitia karatasi yake, na ndiyo maana karatasi ile lazima ijitosheleze.

Kikao chetu kilichukua nusu saa, tulikuwa watatu. Kabla ya kuanza nilimweleza mama kwamba halazimiki kumwambia meneja alifanyiwa nini. Meneja anahitaji kujua mipaka: kilo, ngazi, saa. Jina la ugonjwa linabaki kwenye faili la utumishi. Hili si adabu tu. Katika stoo ya vijana wanaume, habari ya kizazi ikitoka itazungumzwa mpaka getini. Meneja alijaribu kuuliza, kwa huruma tu, "Pole dada, kwani ilikuwa nini hasa?" Mama akajibu, "Nashukuru bosi, ilikuwa tumbo, naendelea vizuri." Yakaishia hapo.

Kilichochukua muda mrefu zaidi ni swali ambalo mipango mingi hailigusi: kazi asiyoifanya itafanywa na nani? Ukipunguza saa za mtu kuwa nusu na kazi ukaiacha nzima, hujampunguzia kitu. Atabeba katoni usipomwona, kwa sababu gari limefika, mteja amesimama na kijana wa kushusha kaenda kula. Tukaandika jina la kijana mmoja atakayefanya kazi ya sakafuni na ngazini kwa wiki zote za mpango, na jina la wa pili siku ambayo huyo hayupo. Meneja alinung'unika kidogo. Ilibidi kijana huyo atolewe kwenye usambazaji, na akahesabu hasara yake pale pale mbele yetu. Afadhali anung'unike kikaoni kuliko stoo siku ya Jumatano mzigo ukiwa mlangoni.

Hatua ya nne: ratiba yenyewe

Kwa kawaida yule mama hufanya saa nane kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, jumla saa 40 kwa wiki. Alirudi Jumatatu ya kwanza ya wiki ya nane tangu operesheni. Ratiba ilikuwa hivi:

Wiki ya 1: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Jumla saa 12. Kazi ya kompyuta na kadi za stoo tu.

Wiki ya 2: siku zote tano, muda ule ule. Jumla saa 20. Anaanza kutoa oda ndogo, rimu moja kwa mara.

Wiki ya 3: siku zote tano, saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Jumla saa 30. Anakwenda kula na kukaa kwa kadiri anavyohitaji. Rimu bado moja kwa mara.

Wiki ya 4: siku nzima, isipokuwa Jumatano ambayo ni nusu siku. Jumla saa 36. Rimu bado moja.

Wiki ya 5: saa zote 40, lakini katoni, ngazi na toroli bado hapana mpaka kliniki.

Kuna mambo matatu hapa ambayo hatukuyaweka kwa kubahatisha. Kuingia saa nne na kutoka saa nane kunamwepusha na msongamano wa asubuhi na wa jioni; anapata siti kwenda na kurudi. Siku za wiki ya kwanza zimeachiana nafasi, kwa sababu uchovu wa baada ya operesheni una tabia ya kuchelewa: leo unajiona mzima, kesho yake ndipo mwili unakudai. Angefanya Jumatatu, Jumanne na Jumatano mfululizo, tusingejua siku ipi imemchosha. Na angalieni kwamba hatukuongeza saa na uzito kwa hatua kubwa kwa pamoja. Wiki ya tatu na ya nne saa ziliongezeka, rimu ikabaki moja. Mkiongeza yote mawili na mtu akaumwa, hamtajua kilichomuumiza.

Hatua ya tano: mshahara, kabla mtu hajaanza

Hapa ndipo tulipogombana na uhasibu, kwa hiyo nitaenda polepole.

Sheria yetu, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Siku za mapumziko zilizo katikati ya likizo zinahesabiwa pia, kwa hiyo wiki moja ya kuumwa ni siku saba, si tano. Angalieni pia kama mtu alishatumia siku nyingine ndani ya mzunguko huo, maana malaria ya mwaka jana nayo imo. Mama wetu hakuwa na deni. Wiki saba alizokaa nyumbani ni siku 49, akabakiwa na siku 14 za mshahara kamili.

Sheria haisemi lolote kuhusu nusu siku ya ugonjwa. Huo ndio upenyo, na lazima ninyi wenyewe muuzibe kwa maandishi. Mhasibu wetu alitaka kuhesabu kila siku isiyotimia saa nane kuwa siku nzima ya ugonjwa. Fuateni hesabu hiyo muone inakokwenda: wiki ya kwanza siku saba, wiki ya pili siku saba, kumi na nne zimekwisha. Wiki ya tatu mama anafanya kazi saa sita kila siku na analipwa kama mtu aliye kwenye nusu mshahara. Angepata zaidi kwa kubaki nyumbani mpaka siku ya 63. Mpango unaomwadhibu mtu kwa kurudi mapema hautafuatwa na yeyote mwenye akili.

Tulikubaliana kuhesabu saa. Siku 14 ni wiki mbili, na wiki mbili kwake ni saa 80 za kazi. Saa ambazo hatafanya katika mpango ni 28 wiki ya kwanza, 20 ya pili, 10 ya tatu na 4 ya nne: jumla 62. Zinaingia ndani ya 80 na zinabaki 18 za akiba. Kwa hiyo alilipwa kamili kipindi chote, na kampuni ikapata saa 98 za kazi katika wiki ambazo, mbili kati yake, ingemlipa akiwa kitandani. Mhasibu alipoona hesabu imeandikwa hivyo aliacha kubisha.

Zile saa 18 za akiba ziandikwe zina kazi gani. Zetu zilikuwa kwa ajili ya kurudia wiki ya tatu au ya nne ya mpango kama mwili ungekataa. Kliniki ya wiki ya 12 nayo tuliandika kuwa ni saa za kazi zenye malipo, isije ikawa ugomvi baadaye.

Wenzetu wa Kenya wana hali ngumu zaidi hapa. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inahakikisha siku saba za malipo kamili na saba za nusu katika miezi 12, kwa mtu aliyekaa kazini miezi miwili mfululizo. Kwa operesheni kama hii siku hizo huisha mtu bado yuko na bandeji, kwa hiyo mkataba wake au makubaliano ya chama cha wafanyakazi ndiyo ya kusoma kwanza. Na kama operesheni imetokana na ajali ya kazini, kwa Tanzania mlango ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Hatua ya sita: andikeni lini mtarudi nyuma

Mpango usio na njia ya kurudi nyuma unamfanya mfanyakazi afiche maumivu. Tuliandika sentensi tatu. Maumivu ya jioni yanayoisha akilala ni ya kawaida, aendelee. Kama asubuhi yake bado anaumwa kuliko jana, au amerudia dawa za maumivu alizokwisha kuziacha, anabaki kwenye hatua hiyo hiyo wiki nyingine, au anarudi moja nyuma, na hahitaji cheti kipya kwa siku mbili za kwanza. Na kama ana homa, kidonda kinatoa usaha au kimefunguka, damu inatoka ukeni upya, mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye kigimbi, au pumzi inabana, haandiki popote wala hamsubiri meneja: anakwenda hospitali saa hiyo hiyo. Mguu na pumzi watu huvipuuza, wakidhani ni uchovu wa kusimama, kumbe inaweza kuwa damu iliyoganda.

Sentensi ya tatu, ile ya hospitali, haimhusu meneja mwenye jicho la kudadisi, kwa hiyo tuliiweka kwenye nakala ya mama na ya utumishi peke yake. Ya meneja ilisema tu: akisema anakwenda hospitali, aruhusiwe bila maswali.

Kila Ijumaa tulikaa dakika kumi. Niliuliza mambo mawili: Jumamosi iliyopita uliamkaje, na kuna kitu ulichobeba ambacho hakimo kwenye karatasi? Swali la pili linapaswa kuulizwa kwa sauti ya kawaida kabisa, meneja akiwa hayupo. Ijumaa ya pili alicheka, akakiri alishusha katoni mbili kwa sababu kijana alikuwa chooni na mteja alikuwa anapiga honi. Hatukumgombeza. Tuliweka bango la saa za kupokea mizigo dirishani, na kijana akaambiwa gari likiingia haondoki.

Hatua ya saba: ile siku moja

Kila mpango una siku moja ya kuujaribu, nayo huwa kwenye kalenda tangu mwanzo. Yetu ilikuwa kuhesabu stoo, mwisho wa mwezi, ambayo iliangukia katikati ya wiki ya tatu. Meneja alimfuata saa tisa na nusu: "Dada, leo tu. Kesho pumzika siku nzima." Ombi hilo ni gumu kukataliwa na mtu aliyekuwa hayupo wiki saba. Kwa bahati tulishaiandika kwa tarehe yake: siku ya kuhesabu atakaa kwenye kompyuta, vijana wawili watamsomea namba, saa kumi anaondoka, na anayempokea ni fulani. Mama alitoa karatasi kwenye droo, akamwonyesha, akachukua mkoba wake. Kama tungekuwa tumeandika tu "asifanye kazi za ziada", nina hakika angebaki mpaka saa tatu usiku.

Hatua ya mwisho: kuufunga

Mpango usiachwe ufe wenyewe. Baada ya kliniki ya wiki ya 12 daktari aliandika hana kizuizi tena, na tukaandika mstari mmoja chini ya karatasi yetu, tarehe na sahihi tatu, pamoja na saa za ugonjwa zilizotumika, 62, ili hesabu ya siku zilizobaki katika mzunguko wake iwe wazi.

Ingekuwa daktari ameandika kwamba katoni hazitawezekana tena, tungekuwa kwenye mazungumzo mengine. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kufikiria kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya afya, aangalie kama hali ni ya muda au ya kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au mtu akapewa nyingine anayoiweza. Karatasi hii hii, yenye kumbukumbu za Ijumaa tano, ndiyo ingekuwa ushahidi wa kilichojaribiwa, kwa upande wa mfanyakazi na wa kampuni pia.

Meza tuliyoisogeza karibu na mlango ili asiiname sakafuni haijarudishwa ilipokuwa. Vijana wamegoma, wanasema na wao wana migongo.